Figa la Tatu: Hotuba ya Gwaride Kuhusu Lugha ya Tatu na Upana wa Fikra

Hotuba ya gwaride ni utanzu ambao haujapewa heshima unayoistahili. Hutolewa asubuhi, wasikilizaji wakiwa wamesimama, umande ukiwa miguuni na jua likianza kuwapiga usoni. Mzungumzaji hupewa dakika tano tu kabla ya kengele ya kipindi cha kwanza. Kwa kasi ya mtu anayetaka kueleweka, dakika tano ni takriban maneno 500. Katika nafasi hiyo finyu mwanafunzi hutarajiwa kutoa dai, kulithibitisha na kushuka jukwaani kabla mistari ya nyuma haijaanza kunong'ona. Mada zilizozoeleka, mathalani usafi, nidhamu na madhara ya mihadarati, huweza kustahimili maneno ya jumla kwa sababu hakuna anayezipinga. Mada ya lugha haina bahati hiyo. Mwanafunzi anayesimama na kudai kwamba kujifunza lugha ya tatu hupanua fikra za mtu ametoa dai linaloweza kuwa kweli au uongo, na aghalabu hulitetea kwa hoja ambazo mwanaisimu wa mwaka wa kwanza angezipangua pasi na jasho.

Makala haya yanaifuata hotuba moja ya aina hiyo, tangu rasimu yake ya kwanza hadi siku iliposomwa. Aliyeiandika alikuwa msichana wa kidato cha tatu katika shule moja ya bweni katika Kaunti ya Siaya, shule inayowapokea wanafunzi kutoka pembe nyingi za nchi. Lugha yake ya kwanza ilikuwa Kidholuo. Kiingereza kilimfikia kupitia vitabu na kuta za darasa. Kiswahili kilikuja cha tatu, kikiwa somo la shule kwanza na lugha ya marafiki baadaye. Mpangilio huu haufanani kwa Wakenya wote. Kwa mtoto wa Lamu Kiswahili ndicho kilichomlea, na lugha yake ya tatu huenda ikawa Kiarabu au Kifaransa. Kwa hivyo lugha ya tatu si sifa ya lugha yenyewe bali ni nafasi yake katika maisha ya mtu fulani, na hotuba isiyosema inamzungumzia mtu yupi huanza kupotea papo hapo.

Rasimu ya kwanza

Rasimu aliyompelekea mwalimu wake wa Kiswahili ilianza kwa tashbihi nzuri. Alisema kwamba chungu hakikai juu ya mafiga mawili. Hakina budi kupata la tatu. Baada ya hapo hoja zikayumba. Aliandika kwamba Kiswahili kina kitenzi "kufiwa" ilhali Kiingereza hakina neno hilo, na kwamba kwa sababu hiyo Mwingereza hajui kufiwa kama Mswahili anavyojua. Akaongeza kwamba watu wanaozungumza lugha tatu wana akili kali kuliko wenzao, na kwamba wanasayansi wameshalithibitisha jambo hilo.

Mwalimu hakuifuta rasimu kwa kalamu nyekundu. Alimpa gazeti la wiki iliyotangulia na kumwomba afungue ukurasa wa matangazo ya vifo. Kiingereza, kama alivyojionea mwenyewe, kina neno lake la kumtaja mtu aliyefiwa, na neno hilo huchapishwa nchini Kenya kila siku ya Mungu. Dai lilikuwa limekufa kabla ya kufika jukwaani. Hata kama neno lenyewe lisingekuwapo, hoja isingesimama, kwa maana lugha inayokosa neno moja huweza kutumia maneno matano na kulifikia jambo lile lile. Kutoka katika pengo la msamiati hadi katika pengo la fikra kuna mto mpana, na rasimu ilikuwa imeuruka bila daraja.

Kosa hilo lina ukoo mrefu, na mmoja wa jamaa zake ni wa hapa nchini. Mwaka 1969 John Mbiti, mwanazuoni aliyezaliwa Kitui, alichapisha kitabu chake mashuhuri kuhusu dini na falsafa za Kiafrika. Humo alizichunguza njeo za vitenzi vya Kikamba na Kigikuyu, akaona kwamba njeo zinazohusu wakati ujao hazifiki mbali, na akahitimisha kwamba katika fikra za jadi za Mwafrika wakati ujao wa mbali haukuwapo kabisa au ulikuwapo kwa udhaifu mno. Ili kuziita pande mbili za wakati alizozikubali, alichagua maneno ya Kiswahili: Sasa na Zamani. Kitabu kilisomwa kote ulimwenguni, na kilipingwa vilevile. Mwanafalsafa wa Ghana Kwame Gyekye, akitegemea Kiakan, alikuwa miongoni mwa waliokataa kwamba dai hilo linawafaa Waafrika wote. Hata bila kutoka nje ya mifano ya Mbiti, mtu anaweza kuuona ufa. Kiingereza hakina kiambishi cha wakati ujao katika kitenzi. Huazima kitenzi kisaidizi. Hakuna aliyewahi kudai kwamba kwa sababu hiyo Waingereza hawaijui kesho. Naye mzee wa Ukambani aliyekuwa akitunza mitamba kwa ajili ya mahari ya mwana ambaye bado hajabalehe alikuwa akifikiri miaka kumi mbele, hata kama kitenzi chake hakikuwa na njeo maalumu ya miaka kumi.

Kisa hiki kilimhusu msichana yule kwa njia ambayo hakuitarajia. Gwaride ambalo angelihutubia lilikuwa na Wakamba, Wagikuyu, Waturkana, Wamaasai na Waluo. Hotuba inayopima akili za watu kwa kuhesabu maneno ya lugha yao ingewafikia baadhi yao kama tusi, na hasa katika mazingira ambayo lugha zao hazikuruhusiwa hata kusikika. Shuleni humo, kama katika shule nyingi nchini, Kiingereza kilitawala Jumatatu hadi Alhamisi, Kiswahili kikapewa Ijumaa, na lugha za nyumbani hazikupewa siku. Aliyepatikana akizizungumza alikabidhiwa kibao cha kuvaa shingoni mpaka amnase mwenzake. Desturi hiyo ni ya tangu enzi za mkoloni. Ngũgĩ wa Thiong'o aliieleza kwa uchungu katika insha zake za mwaka 1986. Inashangaza kwamba vibao vimeishi muda mrefu kuliko hoja zilizovizaa.

Lazima na hiari

Kabla ya rasimu ya pili, mwalimu alimpa mwanafunzi wake ufunguo mmoja. Mwanaisimu Roman Jakobson, katika makala yake ya mwaka 1959 kuhusu tafsiri, alieleza kwamba lugha hazitofautiani sana katika yale zinayoweza kuyasema. Hutofautiana katika yale zinayomlazimu msemaji kuyasema. Ufunguo huu ni wa thamani kwa yeyote anayetaka kuizungumzia lugha na fikra bila kuteleza. Swali la kuuliza si kama lugha fulani ina neno fulani. Swali ni hili: je, mtu akitumia lugha hii, ni jambo gani asiloweza kulikwepa? Ni jambo gani ambalo analazimika kuliamua hata kabla hajafungua kinywa?

Kuanzia hapo hotuba ilipata miguu, na mfano wa kwanza ulitoka katika aibu. Wanafunzi wengi wa Kenya wamewahi kuchekwa kwa kumtaja mama yao kwa kiwakilishi cha kiume wanapozungumza Kiingereza. Lugha hiyo ina kiwakilishi kimoja cha nafsi ya tatu kwa mwanamume na kingine kwa mwanamke, na msemaji hawezi kusema habari za mtu aliyetajwa pasipo kuchagua. Kidholuo husema "en" kwa wote wawili. Mtoto mwenye lugha hizo mbili tu, moja ikiwa ya jikoni na nyingine ya mtihani, hufikia hitimisho kwa haraka: Kiingereza kinaona jambo ambalo lugha ya nyumbani hailioni. Kosa lake la ulimi hugeuka kuwa kasoro ya ukoo mzima.

Hapo ndipo lugha ya tatu inapofanya kazi yake. Kiswahili nacho husema "yeye". Kiambishi "a-" katika "amefika" hakitofautishi baba na mama, wala "-m-" katika "nimemwona". Kiswahili si lugha ya jikoni tu. Katiba ya mwaka 2010 inakitambua kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ni somo la mtihani, kina kamusi na washairi wake. Zaidi ya hayo, Kiswahili ni cha jamii ya Kibantu na Kidholuo ni cha jamii ya Kiniloti, kwa hivyo kufanana kwao katika jambo hili hakutokani na undugu. Mwanafunzi aliyedhani kwamba kuna lugha inayoona na lugha isiyoona sasa ana ushahidi mwingine mezani, na hukumu yake ya awali inayumba. Kiwakilishi cha jinsia kinaacha kuwa dalili ya akili kubwa. Kinakuwa uamuzi mmoja kati ya maamuzi mengi ambayo lugha huweza kuyafanya.

Hii ndiyo sababu ya kusisitiza lugha ya tatu badala ya kuridhika na ya pili. Lugha mbili zikikutana akilini, hasa pale ambapo moja ina cheo kuliko nyingine, tofauti yoyote hugeuka kuwa shindano kati ya sahihi na kombo. Lugha mbili bila shaka zinaweza kumfunza mtu mwangalifu somo hilo hilo. Mwanasaikolojia wa Kirusi Lev Vygotsky, katika kitabu kilichotoka mwaka 1934, alieleza kwamba mtoto anayejifunza lugha ya kigeni huanza kuiona lugha yake mwenyewe kama mfumo mmoja miongoni mwa mifumo mingi. Lakini neno "mingi" ni gumu kuaminika wakati mifumo ni miwili. Lugha ya tatu humpa mtu kipimo kisichokuwa upande wa nyumbani wala upande wa darasa la Kiingereza, na kwa kipimo hicho anaweza kuzikagua zote mbili.

Kiboko yule, kiboko kile

Je, Kiswahili chenyewe kinamlazimu msemaji kuamua nini? Mfano aliouchagua msichana yule ulikuwa mmoja tu, nao ulilitikisa gwaride. Neno "kiboko" humtaja mnyama wa majini anayejulikana vyema na watu wa Ziwa Viktoria, na pia hutaja mjeledi, ambao hapo zamani ulitengenezwa kwa ngozi yake. Kwa umbo, nomino hizo mbili hazitengeki. Hata hivyo mtu hawezi kuunda sentensi timamu ya Kiswahili sanifu bila kuzitenga. "Kiboko yuko wapi?" ni swali la mvuvi mwenye hofu. "Kiboko kiko wapi?" ni swali la mwalimu mwenye hasira. Upatanisho wa kisarufi humtaka msemaji aamue kama anachokitaja kina uhai wa mtu au mnyama, na uamuzi huo hupenya katika kila neno linaloifuata nomino: kiboko yule mkubwa amevunja mtumbwi, kiboko kile kikubwa kimevunjika.

Kwa Mluo anayejifunza Kiswahili, ulazima huu ni mgeni, kwa kuwa Kidholuo hakina ngeli za aina hiyo. Kiingereza nacho huweza kumtaja mnyama na mjeledi kwa kiwakilishi kimoja. Anapoizoea kanuni ya A-WA, mwanafunzi anajizoeza kuangalia kila nomino kwa swali ambalo halikuwahi kudaiwa na lugha zake mbili za mwanzo. Mtaalamu wa saikolojia ya lugha Dan Slobin aliuita uangalifu wa namna hii kufikiri kwa ajili ya kusema: ni fikra inayofanyika wakati mtu anapoyaandaa maneno, wala si dai kwamba macho ya mtu yamebadilika. Ni dai dogo kuliko lile la rasimu ya kwanza, lakini linaweza kusimama mbele ya watu 600 bila kuona haya.

Kuna mipaka, na hotuba haikuificha. Kwanza, faida hii humpata yule tu aliyekifuata Kiswahili hadi kwenye upatanisho wake. Katika Kiswahili cha bara, hasa cha mitaani, mara nyingi husikika "kiboko iko wapi", na hapo mnyama na mjeledi hurudi kuwa kitu kimoja. Aliyejifunza salamu na bei za sokoni amepata lugha ya kumfaa sokoni, lakini bado hajafikia pale ambapo lugha humdai uamuzi mpya. Vilevile kuna tofauti ambazo lugha inazo ila wasemaji wake wanaziachilia. Kiswahili huweza kupambanua mahali padhihirifu, mahali pasipo dhahiri na ndani ya mahali: darasani pana nyoka, darasani kuna nyoka, darasani mna nyoka. Anayesikia "mna" hutazama chini ya madawati. Anayesikia "kuna" hajui pa kutazama. Lakini Wakenya wengi leo husema "kuna" kwa yote matatu na maisha yanaendelea. Msichana yule alikuwa ameupenda sana mfano huu, na ilimuuma kuutoa katika rasimu. Mwalimu alimshauri autoe kwa kuwa tofauti iliyo hiari, na ambayo wasikilizaji wenyewe hawaitumii, haiwezi kubeba hoja ya ulazima.

Mpaka wa pili ni kwamba lugha ile ile ya tatu haimpanui kila mtu upande ule ule. Rafiki yake wa dawati moja alikuwa Mgikuyu. Kwake mfano wa kiboko haukuwa na ugeni wowote, maana Kigikuyu, kikiwa lugha ya Kibantu, kina ngeli na upatanisho tangu utotoni mwake. Yeye alipojifunza Kiswahili alikutana na upungufu badala ya nyongeza. Kitenzi cha Kigikuyu hupambanua wakati uliopita kwa umbali: jambo lililotukia leo, lililotukia jana, na lililotukia zamani zaidi hupewa maumbo tofauti. Kiswahili kina "-li-" moja kwa yote. Aliyekula asubuhi alikula, na aliyekula mwaka jana alikula. Rafiki huyo alisema kwamba hakuwahi kujua kuwa lugha ya mama yake hupima umbali wa jana mpaka alipokutana na lugha isiyoupima. Maneno hayo yaliingizwa katika hotuba kama yalivyo, kwa ruhusa yake.

Mfupa wa mbwa

Kutokana na neno hilo la rafiki, rasimu ya pili ilipata sehemu yake yenye uzito zaidi. Mwanafunzi alirudi kwenye Kidholuo na kujiuliza ni kitu gani Kiswahili hakimdai ambacho lugha yake humdai. Alikipata katika vihusishi vya umilikaji. Kiswahili husema "mfupa wa mbwa". Usemi huo una maana mbili: mfupa ulio mwilini mwa mbwa, na mfupa ambao mbwa ameushika na kuutafuna, ambao yamkini ni wa mbuzi. Kiswahili hakijali, muktadha utaamua. Kidholuo kina njia mbili. Kitu kilicho sehemu ya mwili wa mwenyewe huunganishwa na jina la mwenyewe moja kwa moja, na kwa kawaida mwisho wa nomino hubadilika. Kitu ambacho mtu anacho tu, na kinachoweza kumtoka, huweza kuwekewa neno "mar" katikati. Mkono wa mtu na gari la mtu havimilikiwi kwa namna moja, na sarufi inajua hivyo.

Alikuwa ameitumia tofauti hiyo kwa miaka 16 bila kuiona. Kiingereza hakikumsaidia kuiona, labda kwa sababu ndani ya Kiingereza alikuwa na shughuli ya kukimbia makosa. Kiswahili, chenye "-a" yake ya unganifu inayobeba kila aina ya uhusiano, ndicho kilichomfanya asite. Alikuwa akitafsiri sentensi ya zoezi kuhusu mbwa na mfupa, akagundua kwamba sentensi moja ya Kiswahili ilikuwa ikimwuliza atoe sentensi mbili za Kidholuo. Hapa maana ya kupanua fikra inabadilika. Si kwamba lugha ya tatu ilimwongezea dhana ambayo hakuwa nayo. Ilimwonyesha dhana aliyokuwa nayo tangu kuzaliwa na ambayo hakuna somo lililowahi kuitaja.

Sehemu hiyo ilileta tatizo la kiutawala. Ili kuieleza, angelazimika kutamka maneno ya Kidholuo akiwa jukwaani, mbele ya mwalimu wa zamu, katika shule yenye vibao. Mwalimu wa Kiswahili aliipeleka rasimu kwa naibu wa mwalimu mkuu. Hoja yake ilikuwa ya kiisimu: neno linalotajwa ili lichunguzwe halitumiwi kuzungumza, kama vile mwalimu wa biolojia anayemtaja chura hajamleta chura darasani. Naibu aliisoma rasimu mara mbili. Aliruhusu maneno mawili, "en" na "mar", na kuandika kibali hicho pembeni mwa karatasi kwa mkono wake. Yamkini aliona jambo la kuchekesha katika kibali chake mwenyewe, lakini hakusema.

Kuhusu dai la akili kali, mwalimu alishauri liondolewe lote. Historia yake inaeleza sababu. Mwanzoni mwa karne ya 20 watafiti kadhaa waliamini kwamba lugha mbili humchanganya mtoto. Mwaka 1962 Elizabeth Peal na Wallace Lambert, waliowapima watoto wa umri wa miaka kumi mjini Montreal, walipata kwamba wenye lugha mbili waliwashinda wenzao katika majaribio ya akili. Tangu hapo mawimbi yaligeuka, na dai likakua mpaka likawa kwamba ubongo wa mwenye lugha nyingi hudhibiti uangalifu vizuri zaidi. Lakini mwaka 2018 Minna Lehtonen na wenzake walizikusanya tafiti 152 kuhusu watu wazima. Baada ya kurekebisha athari ya mazoea ya kuchapisha matokeo ya kuvutia na kuyaacha mengine kabatini, faida hiyo haikuonekana. Mjadala haujafungwa. Hata hivyo, mwanafunzi anayeliambia gwaride kwamba sayansi imethibitisha amewaambia wenzake jambo ambalo sayansi haijasema.

Siku ya Ijumaa

Hotuba ilisomwa siku ya Ijumaa, siku ya Kiswahili, baada ya wimbo wa taifa na matangazo ya usafi wa mabweni. Ilianza kwa itifaki fupi: "Mwalimu Mkuu, naibu wako, walimu wetu, viranja na wanafunzi wenzangu, hamjambo?" Baada ya kuitikiwa hakulitaja jina la mada. Aliuliza: "Kiboko yuko wapi?" Wanafunzi wakatazamana. Akauliza tena: "Na kiboko kiko wapi?" Kicheko kilianza kwenye mistari ya kidato cha nne na kusambaa mbele, na baadhi ya walimu walijikuta wakitazama mikono yao mitupu. Alingoja kitulie, kisha akaeleza kilichowachekesha. Wote walikuwa wamefanya uamuzi mmoja kwa wakati mmoja, wakaufanya bila kuambiwa, na wangeshindwa kuufanya kama maswali yote mawili yangeulizwa kwa "iko wapi".

Alifuata kwa "yeye" na "en". Sauti ya neno la Kidholuo katika kipaza sauti cha shule ilileta kimya cha ghafla, na kiranja mmoja alimgeukia mwalimu wa zamu kana kwamba anangoja amri. Amri haikuja. Alipofika kwenye mfupa wa mbwa aliongea polepole, na ingawa Waluo katika gwaride ndio waliopata kuuonja mfano wenyewe, wengine waliufuata kwa kuwa utata wa "mfupa wa mbwa" ulikuwa wa Kiswahili na wote walikuwa na Kiswahili. Alimaliza kwa tashbihi yake ya mafiga, kisha akatoa sentensi aliyoiongeza usiku uliotangulia bila kumwonyesha mwalimu. Alisema kwamba lugha za Kiafrika hazimgawi mwanadamu kwa uke na uume kama Kiingereza kinavyofanya. Makofi yalikuwa mengi.

Wakati wa mapumziko ya saa nne alifuatwa na msichana wa kidato cha kwanza kutoka Narok. Msichana huyo alimwamkia kwa adabu, akasema kwamba hotuba ilimpendeza ila sentensi ya mwisho. Lugha yake ni Kimaasai, na katika Kimaasai nomino hubeba alama ya kiume au ya kike, na si za watu tu. Hata kisu, alieleza, hupewa kiambishi cha kiume kikiwa kikubwa kama upanga na kiambishi cha kike kikiwa cha kawaida. Alitoa mfano kwa sauti ya chini, akiangalia nyuma kwanza: "olalem", kisha "enkalem".

Msichana wa kidato cha tatu alimwomba ayarudie maneno hayo mara mbili. Kiswahili, alikumbuka, huweza kufanya jambo linalokaribia hilo kwa "jisu" na "kisu", ila kwa ukubwa tu, bila uke na uume. Alitoa karatasi ya hotuba mfukoni, akaikata sentensi ile kwa mstari mmoja, na pembeni, chini ya kibali cha naibu, akaandika maneno mawili ya Kimaasai ambayo hayakuwa yameruhusiwa.